Stika za katuni kwenye WhatsApp: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Unguja na Pemba

Nachora stika, na wanaonijia kutaka kuchorewa huja na maswali yao. Mengi hayahusu simu. Yanahusu wifi aliyenuna, mchumba aliyekaa kimya, au ami aliyetoka kwenye grupu bila kuaga. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi. Nazungumzia zaidi stika za wahusika wa katuni, si zile za kukatwa kutoka picha za watu, isipokuwa pale nitakapotaja.

## Ya mwanzo

Stika ina tofauti gani na emoji? Zote si vikaragosi?

Emoji hukaa ndani ya maneno yako. Unaandika "nakuja", unaweka kicheko pembeni, na maneno ndiyo yanayobeba ujumbe. Stika huja peke yake, kubwa, haina maneno yako kando. Na ndani yake mna mtu: ana kichwa, mikono, namna ya kusimama, na tabia ambayo mpokeaji ameshaizoea kutoka stika nyingine za mhusika huyohuyo. Ndiyo maana emoji ya kicheko haikasirishi watu mara nyingi kama inavyokasirisha stika ya paka anayecheka. Emoji haina tabia. Paka yule anayo.

Mtindo huu ulienea kupitia LINE, programu iliyoanza Japani mwaka 2011. Miongoni mwa wahusika wake wa mwanzo walikuwa Brown, dubu ambaye uso wake haubadiliki hata akifurahi, na Cony, sungura anayelia, anayecheka na anayekasirika waziwazi. Telegram waliweka stika mwaka 2015, WhatsApp mwaka 2018. Wahusika wawili wawili, mmoja mtulivu na mmoja mwenye makeke, tunao mpaka leo, na maswali mengi ya hapa chini yanatokana nao.

Kwa nini stika mbili zenye maneno yaleyale, moja inapendeza na nyingine inauma?

Kwa sababu watu hawasomi maneno kwanza. Husoma macho. Mhusika aliyefumba macho kwa furaha, au mwenye macho makubwa ya mviringo yanayokutazama usoni, hupokelewa kwa upole hata kama maneno chini yake ni "sitaki". Mhusika mwenye kope zilizoshuka nusu, au anayetazama kwa pembeni, hupokelewa kama anayekudharau hata kama chini yake imeandikwa "asante sana".

Baada ya macho huja mwili. Kichwa kikubwa na miguu mifupi ni umbo la mtoto, na mtoto husamehewa. Ndiyo maana dubu mnene anaweza kukunja ngumi ukacheka, lakini katuni yenye mwili wa mtu mzima, mabega mapana na taya, ikikunja ngumi hiyohiyo inakuwa ugomvi.

Nitajuaje kama stika ni utani au ni kijembe?

Jiulize swali moja tu: huyu katuni ni nani hapa? Nalirudia kwa kila anayenijia, maana likijibiwa mengine hujibika.

Kuna stika ambazo katuni ni mtumaji mwenyewe. Panda anayejiviringisha chini, dubu anayelia kwa kwikwi, paka aliyejifunika blanketi. Anayetuma hizi anajishusha: mimi ndiye ninayelia, mimi ndiye ninayeomba. Karibu zote ni za mapenzi, kudeka au kuomba radhi.

Kuna ambazo katuni anamtazama mpokeaji. Paka anayekunywa chai akikukodolea jicho, chura aliyekaa kimya, kibibi anayetikisa kichwa. Hapa mtumaji yuko pembeni anakuangalia wewe. Kundi hili ndilo la utani na ndilo la kijembe pia, na kinachotofautisha ni uhusiano wenu na nani mwengine anaona.

Na kuna ambazo katuni ni mpokeaji. Umeandika jambo, umerudishiwa punda. Hapo hakuna la kufasiri. Kwetu punda, kima na nyani wakielekezwa kwa mtu ni tusi, hata wakichorwa na mashavu mekundu.

## Wahusika wenyewe

Yupo mhusika ambaye ni salama kwa kila mtu?

Paka mnene mtulivu anakaribia. Pusheen, yule paka wa kijivu aliyeanza kuchorwa mwaka 2010, ana macho madogo ya nukta na hana dharau usoni. Shughuli zake ni kula na kulala. Paka pia ni mnyama wetu: Mji Mkongwe wamejaa vichochoroni, na hakuna mzee anayeshtuka kumwona.

Kwa wazee ninaowachorea napendekeza hata vitu visivyo na uhai. Katika stika za mwanzo za WhatsApp mlikuwa na Cuppy, kikombe chenye uso. Kikombe si mwanamume wala mwanamke, hakivai mwili wa mtu yeyote, na hakiwezi kudhaniwa kinamchezea mtu shere. Kikombe kinachosema asante ni asante tu.

Tom na Jerry je? Kila mtu anawajua.

Wapo tangu mwaka 1940 na sote tumekua nao, kwa hiyo tabia zao zimeshajulikana kabla hujatuma. Tom ndiye anayepigwa. Ukijituma wewe kama Tom, umebanwa na mlango, umepigwa na kikaango, unajicheka na watu watacheka nawe. Jerry ni mwerevu anayeponyoka. Ukituma Jerry akicheka baada ya mwenzako kueleza shida yake, umemfanya yeye ndiye Tom. Huhitaji kuandika neno lolote, ameshaelewa.

Mbwa na nguruwe wa katuni wana ubaya gani? Si michoro tu?

Kwa vijana wawili wanaojuana, mtoto wa mbwa mwenye masikio marefu hupita bila neno. Kwenye grupu la familia hapati mapokezi hayo, kwa sababu za dini na kwa sababu "mbwa" ni tusi zito kwetu. Nguruwe usimtume kabisa kwenye grupu lolote lenye watu wazima. Vifurushi vingi vya stika vinavyotoka nje vimechanganya wanyama hawa na sungura na dubu, basi kipitie kifurushi chote kabla hujakiongeza. Utakutana pia na stika za gilasi za pombe zilizofichwa katikati ya za hongera.

## Wachumba na wanandoa

Mchumba wangu ananitumia dubu wawili kila siku. Ana maana gani?

Wale unaowaona zaidi ni panda mweupe na dubu wa kahawia kutoka China, wengi huwaita Bubu na Dudu, au ni dubu mweupe na wa kahawia kutoka Indonesia, Milk na Mocha. Vifurushi vyote viwili vimejengwa juu ya wawili: mmoja ananuna, mwengine anabembeleza. Mmoja anaburutwa, mwengine anaburuta.

Kwa hiyo kumtumia mtu dubu wawili ni kusema kwamba sisi ni wawili. Stika yoyote ya humo, hata ya "umekula?", imebeba dai hilo. Akikutumia mtu asiyekuwa mchumba wala mume, hasa peke yako usiku, ulivyoshtuka umeshtuka sawasawa.

Baada ya muda wanandoa hugawana wahusika bila kukubaliana. Mmoja akawa panda, mwengine dubu. Tazama mgawanyo huo kuliko stika yenyewe. Siku mume aliyezoea kuwa dubu anayebembeleza anatuma panda anayelia, anaomba abembelezwe yeye. Mke akijibu kwa panda naye, wawili wote wananuna na hakuna wa kubembeleza. Nimeona mazungumzo yakikwama hapo, kila mmoja akisubiri mwenzake ageuke dubu.

Mume wangu ameacha kutuma dubu, sasa anatuma dole gumba. Amebadilika?

Huenda amebadilisha simu. Vifurushi kutoka programu za pembeni haviji vyenyewe kwenye simu mpya, na stika alizozipenda zinaweza kupotea kama hakuhifadhi nakala. Kabla hujahukumu, mtumie wewe dubu mmoja uliyemzoea. Akimgusa na kumweka kwenye vipendwa, kesho utamwona amerudi. Kama ameyaona yote na bado ni dole gumba, hilo zungumzeni kwa mdomo.

Naweza kutumia dubu haohao kwa mama mkwe? Ni wazuri na hawana ubaya.

Usiwatumie. Kwanza kwa sababu ya dai la uwili lililoelezwa hapo juu. Pili kuna jambo la simu lenyewe: ukigusa stika iliyotoka kwenye kifurushi, WhatsApp huonyesha jina la kifurushi na kukupa njia ya kukitazama chote. Ulimtumia dubu anayesema "habari za asubuhi". Yeye kamgusa ili amhifadhi, na chini yake kaletewa dubu wanaobusiana. Sasa anajua mnachotumiana wewe na mwanawe.

## Utani, na pale utani unapogeuka

Nani ninaweza kumtania kwa stika?

Walewale unaowatania kwa mdomo. Mtu na shemeji yake, binamu kwa binamu, mjukuu na bibi yake. Stika haikufungulii mlango uliokuwa umefungwa. Mtu na mkwewe hawataniani barazani, basi na kwenye simu hawataniani.

Tofauti moja ni kwamba barazani unaona nani amekaa. Kwenye grupu la watu sitini, shemeji yako ni mmoja na waliobaki hamsini na kitu si mashemeji zako.

Hebu tupe mfano wa stika iliyoharibu mambo.

Huu nautoa kwa ruhusa ya wenyewe, bila majina. Grupu la harusi, Pemba, upande wa bwana harusi, na wamo pia wazee wachache wa upande wa bi harusi kwa ajili ya kupanga siku. Ami anayesimamia michango akaandika waliobakisha wamalize kabla ya Ijumaa. Mdogo wake bwana harusi, kijana ambaye hajalipa, akatuma panda anayekimbia huku jasho linamtoka. Watu wakacheka. Panda ni yeye mwenyewe, amejishusha, amekiri bila kusema.

Hapo mke wa kaka yake mwengine, ambaye kwake yeye ni shemeji, akatuma paka wa kope nusu anayekunywa chai. Wanawake watatu wakacheka papo hapo, kisha grupu likanyamaza. Kijana hakujibu, na mchango akaupeleka kwa mkono wa mtu mwengine.

Shemeji mtu alishangaa, kwani kila siku humtania zaidi ya hivyo na wanacheka. Lakini tazama kilichotokea. Katuni amebadilika kutoka anayejicheka kwenda anayemtazama mwengine, na anayetazamwa ni mtu aliyekiri hadharani kwamba hana pesa. Wakwe watarajiwa wa bwana harusi wanaona. Na kulikuwa na jambo ambalo kijana hakulijua ila wanawake wale watatu walilijua: paka yule ndiye wanayemtumia kwenye grupu lao la mawifi kila anapotajwa mtu bahili. Wale watatu walicheka peke yao, na kicheko chao ndicho kilichomuuma kijana kuliko paka.

Mhusika hubeba alikotoka. Ukimzoesha kazi moja kwenye grupu dogo, usimpeleke grupu kubwa ambako baadhi wanaijua kazi hiyo na baadhi hawaijui.

Mambo yakiharibika hivyo, yanarekebishwaje?

Kwa mhusika yuleyule. Katika kisa hicho shemeji mtu alianza kwa kutuma maua. Hayakusaidia, maana maua hayakumwondoa paka, yalimwacha juu pale ameketi na chai yake. Kilichosaidia ni paka huyohuyo katika stika nyingine, ameinamisha kichwa na machozi mawili, palepale kwenye grupu. Sasa paka ni shemeji mtu mwenyewe, naye amejishusha mbele ya walewale walioona. Kisha akampigia simu kijana, peke yao, akasema: "Shem, nilikutania mahali si pake, niwie radhi." Stika ilisafisha grupu, sauti ikasafisha baina yao. Moja bila ya nyingine isingetosha.

Si bora kuifuta tu?

WhatsApp hukuruhusu kufuta ujumbe kwa wote kwa muda wa siku mbili na kidogo. Fanya hivyo ikiwa ni dakika ya kwanza na hakuna aliyejibu. Watu wakishaona, alama ya "umefutwa" inabaki na asiyeona anaanza kuuliza kulikuwa na nini. Aliyeona atamhadithia, na ataongeza chumvi.

## Wakubwa, msiba na mwezi wa Ramadhani

Ninaweza kumjibu mzee kwa stika?

Anza kwa maneno. Salamu ya mkubwa huandikwa: "Shikamoo ami" kwa herufi zako, si katuni anayeinama. Baada ya hapo stika ya asante au ya dua haina ubaya. Mzee akianza yeye kukutumia stika, na siku hizi wanatuma sana, hasa maua na vikombe vya chai vya Ijumaa, basi amekufungulia. Mjibu kwa aina aliyotumia yeye, usimpandishie kwa dubu anayecheza ngoma.

Kwenye msiba je?

Usitume mhusika wa katuni yeyote, hata anayelia. Katuni anayelia amechorwa apendeze, machozi yake makubwa yanachekesha kidogo, na aliyefiwa anaona hicho kidogo. Andika "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun" mwenyewe na utaje jina la marehemu. Na kaa siku chache bila kutuma katuni kwenye grupu ambalo mfiwa yumo, hata kwa jambo jengine.

Mwezi wa Ramadhani kuna lililo tofauti?

Mchana acha wahusika wanaokumbatiana na kubusiana, hata kwa mkeo. Stika za chakula watu hutaniana nazo sana saa za alasiri, dubu anayetazama saa akisubiri futari anapendwa mno, kwa sababu ni yule katuni anayejishusha. Stika ya paka anayekula mbele yako saa tisa mchana ni uchokozi, na kwa mtu aliyechoka unaweza usipokelewe kama utani.

## Kutengeneza na kutunza zako

Nataka kifurushi chenye wahusika wa kwetu. Vipimo ni vipi?

Kila stika ni picha ya pikseli 512 kwa 512, muundo wa WebP, mandhari ya nyuma iwe wazi. Isiyotembea isizidi kilobaiti 100, inayotembea isizidi 500. Kifurushi kimoja kinabeba stika 3 hadi 30. Kwa bando, kifurushi kizima cha zisizotembea ni kama megabaiti tatu kwa wingi wake, hakitakumaliza.

Zungushia mchoro ukingo mweupe wa pikseli 8. Wengi huona ni pambo, lakini bibi aliyevaa buibui jeusi akitumwa kwa mtu anayetumia skrini ya giza hupotea mwili mzima, ukabaki uso unaoelea. Mwenye kanzu nyeupe hupatwa na hayohayo kwenye skrini nyeupe, kwa hiyo kwake chora mstari mwembamba wa kijivu kabla ya ule mweupe.

Maneno yawe machache. Wanaonijia hupenda niweke jina la kanga refu chini ya mhusika. Kwenye simu ndogo halisomeki, na tena jina la kanga ni fumbo: ukishalibandika kwa mhusika anayekodoa jicho umetengeneza kijembe na si salamu. Namchora mhusika yuleyule katika hali kama nane kwanza, bila maneno, zaidi akiwa anajishusha kuliko akiwa anatazama wengine. Vifurushi vya namna hiyo ndivyo ninavyoviona vikizunguka hadi kwa watu nisiowajua.

Naweza kumchora jirani au mwalimu wangu awe stika?

Kwa idhini yake, na umwonyeshe kila moja. Stika haina mwenyewe ikishatoka. Yeyote anayeipokea anaweza kuihifadhi na kuituma mahali pengine kwa maana nyengine. Mwalimu anayecheka kwenye grupu la skuli atakutwa kwenye grupu la siasa akiwa anamcheka mtu.

Nitazuiaje kumtumia ami stika ya mke wangu kwa makosa?

Makosa mengi hutokea kwenye orodha ya stika zilizotumika karibuni, kwa sababu ya mwisho kutumika huja mbele. Uliyomtumia mkeo saa nne usiku ndiyo ya kwanza kidoleni asubuhi ukimjibu ami. Njia ninayowapa watu ni kuacha kutumia orodha hiyo kabisa kwa magrupu. Stika za wakubwa ziweke kwenye vipendwa, za mke ziache ndani ya kifurushi chake, na ukiwa na wakubwa fungua vipendwa tu.